Sura ya 4: Dakika za Kushika Usukani

Bango limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya umeme, karibu na kituo cha daladala. Lina picha ya gari dogo jeupe lenye herufi L nyekundu kwenye bampa, msichana anayetabasamu akiwa ameshika usukani, na maandishi makubwa ya njano: JIFUNZE UDEREVA WIKI 4 TU. Chini yake maandishi ni madogo zaidi: gia za kawaida na otomatiki, asubuhi na jioni, wikiendi tupo, malipo kwa awamu, tunakusaidia hadi upate leseni. Mwisho kuna namba za simu, moja ya kawaida na moja ya kutumia ujumbe.

Mabango ya namna hii yapo kila kona ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na mengi yanafanana kama yametoka kwa fundi mmoja. Anayeyasoma kwa haraka huona vitu viwili, bei na idadi ya wiki. Akikuta shule moja inatoza kidogo kwa wiki nne na nyingine inatoza zaidi kwa wiki mbili, hitimisho huja lenyewe: ile ya kwanza ni nafuu, tena inafundisha kwa muda mrefu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wiki hazimfundishi mtu kuendesha gari. Kinachomfundisha ni dakika ambazo yeye mwenyewe amekaa kiti cha dereva, miguu yake ikiwa kwenye pedeli na macho yake barabarani, na idadi ya dakika hizo mara nyingi haimo kwenye bango.

Tumchukulie mama mmoja mwenye duka la nafaka Tandika. Amechoka kulipa gari la kukodi kila anapofuata mzigo, na mumewe ana gari dogo ambalo hukaa tu nyumbani siku za kazi. Ameomba bei kwenye shule mbili. Ya kwanza inamwambia wiki 4, siku 5 kwa wiki, saa 1 kwa siku, kwa shilingi 180,000. Ya pili inamwambia wiki 2, siku 5 kwa wiki, saa 1 kwa siku, kwa shilingi 300,000. Bei hizi ni za kupigia hesabu tu, kwa sababu kila shule ina zake na hubadilika kwa mji na kwa msimu. Hesabu yenyewe ndiyo haibadiliki.

Katika shule ya kwanza, siku 20 za saa 1 zinaonekana kuwa saa 20. Mama anapaswa kuuliza swali moja: ndani ya gari tutakuwa wanafunzi wangapi? Anajibiwa wanne. Basi saa ile moja inagawanywa kwa wanne, na kila mmoja anabaki na dakika 15. Swali la pili: wiki ya kwanza tunaendesha? Hapana, wiki ya kwanza ni darasani kwa ajili ya alama na sheria. Zinabaki siku 15. Dakika 15 mara siku 15 ni dakika 225, yaani saa 3 na dakika 45.

Hesabu haijaisha. Kila wanafunzi wanapobadilishana kiti, mmoja anashuka, mwingine anazunguka gari, anapanda, anavuta kiti mbele, anaweka vioo sawa, anafunga mkanda. Hapo dakika 3 zimekwenda. Zikitolewa kila siku, mwanafunzi anabaki na dakika 12, na kwa siku 15 hizo ni dakika 180. Saa 20 za bango zimekuwa saa 3.

Shule ya pili inampa gari peke yake. Alama na sheria hufundishwa Jumamosi, nje ya zile siku 10. Kwa hiyo anapata saa 10 kamili za kuendesha, au pungufu kidogo. Sasa agawanye: shilingi 180,000 kwa saa 3 ni shilingi 60,000 kwa kila saa ya usukani. Shilingi 300,000 kwa saa 10 ni shilingi 30,000. Shule iliyoonekana ghali inauza saa kwa nusu ya bei ya ile iliyoonekana rahisi.

Haki itendeke kwa shule ya kwanza pia. Anayekaa kiti cha nyuma akimtazama mwenzake anapambana na gia hapotezi muda wote bure. Anasikia mwalimu anavyosahihisha, anaona kosa kabla hajalifanya, na akili yake inazoea mpangilio wa barabara. Kwa mtu ambaye hajawahi kabisa kukaa karibu na usukani, siku tatu nne za kutazama zina faida. Lakini mguu haujifunzi kwa kutazama. Na klachi ni kazi ya mguu.

Hii ndiyo sehemu inayokula muda kuliko zote kwa anayejifunza gari la gia za kawaida, na inafaa kuiangalia kwa karibu, kwa sababu mtu akiielewa ataelewa pia kwa nini dakika 12 kwa siku hazimtoshi.

Injini ikishawaka inazunguka wakati wote. Magurudumu yamesimama. Kati yao kuna sahani ya klachi, ambayo kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha mizunguko hiyo miwili. Dereva akikanyaga pedeli ya kushoto hadi chini, sahani inaachana na injini, na gia inaweza kuingia bila kukwaruza. Akianza kuachia, sahani inasogea, inagusa, inateleza kidogo, kisha inang'ang'ania. Kati ya kugusa na kung'ang'ania kuna nafasi ndogo sana, pengine upana wa vidole viwili vya mwendo wa pedeli, na hapo ndipo gari linapoamua kuondoka kwa utulivu au kuruka na kuzima.

Mwalimu mzuri haanzi kwa kumwambia mwanafunzi akanyage mafuta. Humpeleka kwenye uwanja tambarare, anamwambia aingize gia ya kwanza, kisha anamtaka aachie klachi polepole bila kugusa mafuta kabisa.

"Mama, weka kisigino chini. Usinyanyue mguu mzima, tumia kifundo tu. Sikiliza injini."

"Imebadilika sauti, mwalimu."

"Imekuwa nzito, siyo? Na boneti?"

"Inatetemeka kidogo."

"Basi hapo hapo. Usiachie zaidi. Kaa hapo uhesabu hadi tano."

Gari linaanza kutambaa lenyewe, polepole kama mtu anayesukuma toroli lenye mzigo. Mwanafunzi anakanyaga tena, gari linasimama. Anarudia. Mara kumi, mara ishirini, mpaka mguu wenyewe unajua pale mahali bila kuuliza kichwa. Zoezi hili linachukua karibu saa nzima, na halina mvuto wowote kwa anayetazama. Mwenye dakika 12 kwa siku hulifanya mara nne au tano, kisha anashuka. Kesho yake mguu umesahau nusu. Anaanza upya, na wiki inakwisha akiwa bado anazimisha gari kwenye mataa huku daladala nyuma yake zinapiga honi.

Makosa ya klachi yana dalili, na mwanafunzi anaweza kuzisoma mwenyewe. Gari likiruka mbele kisha likazima, ameachia haraka. Injini ikinguruma kwa nguvu na gari lisisogee kwa kiasi hicho, anakanyaga mafuta mengi huku klachi ikiwa nusu, na akiendelea hivyo atasikia harufu kali ya kuungua, kwa sababu sahani inateleza na kupata joto. Gia ikikwaruza inapoingia, hajakanyaga klachi hadi mwisho. Hakuna haja ya kusubiri mwalimu aseme.

Mtihani wa kweli wa mguu ule ni kilimani. Kwenye tambarare, kukosea kunaishia kwa gari kuzima. Kwenye mlima wa Kimara, foleni ikiwa imesimama na gari jingine limesogea karibu nyuma, kukosea kunaweza kumalizikia kwenye boneti ya mtu. Hatua ni zile zile, ila inaongezwa hendibreki: gari limeshikwa na hendibreki, gia ya kwanza imeingia, klachi inaachiwa hadi sauti iwe nzito na sehemu ya nyuma ya gari ikae chini kidogo, kama mtu anayekaza miguu kabla ya kunyanyua gunia. Mafuta yanaongezwa kiasi. Ndipo hendibreki inashushwa. Gari likirudi nyuma hata nusu mita, hendibreki imeshushwa mapema kabla klachi haijashika. Shule ambayo haimpeleki mwanafunzi kilimani hata mara moja imemwachia somo hilo alijifunze siku ya mvua, peke yake.

Hapa linakuja swali la otomatiki, ambalo mabango yanalitaja kwa maneno mawili tu. Magari mengi madogo ya watu binafsi yanayoingia Tanzania ni yaliyotumika kutoka Japani, na mengi yao ni otomatiki. Gari la mume wa mama yetu ni la aina hiyo. Je, ana haja ya kuhangaika na klachi? Jibu linategemea anataka kuendesha nini. Aliyejifunza gia za kawaida atahamia otomatiki kwa mazoezi ya siku moja. Aliyejifunza otomatiki pekee hawezi kupanda pikapu ya mzigo yenye gia na kuondoka nayo. Kama mama huyu anafikiria siku moja kuendesha pikapu yake mwenyewe kutoka sokoni, klachi ni lazima. Kama atabaki na gari la nyumbani, na fedha zake zinatosha saa chache tu, ni bora saa hizo zote ziende kwenye kuisoma barabara kuliko nusu yake iishie kwenye mguu wa kushoto.

Kuisoma barabara ndiko kunakobaki baada ya mikono na miguu kuzoea, na ndiko kunakolinda maisha. Darasani, shule huanza na alama. Wanafunzi wengi huzikariri kama nyimbo, na baada ya mtihani zinapotea. Njia iliyo bora ni kuanza na maumbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya: mbele kuna kona, matuta, watoto, wanyama. Duara linaamuru au kukataza: usizidi mwendo huu, usiingie, usipite gari jingine. Mstatili na mraba kwa kawaida hutoa taarifa. Kisha kuna alama mbili ambazo hazifanani na nyingine yoyote. Ya kusimama ina pembe nane. Ya kupisha ni pembetatu iliyogeuzwa, ncha ikiwa chini. Zilipewa maumbo hayo makusudi, ili dereva azitambue hata zikiwa zimefunikwa na vumbi, hata akiziona kwa nyuma kutoka barabara nyingine. Mwanafunzi anayejua hilo, akiona kwa nyuma pembetatu iliyogeuzwa upande wa barabara inayoungana na yake, anajua kwamba wale wanatakiwa wampishe yeye.

Halafu kuna kipilefti. Jina lenyewe limetokana na agizo la kubaki kushoto, na kwa wanafunzi wengi hapo ndipo jasho linapowatoka. Kanuni yake ni moja: anayetaka kuingia anawapisha walio ndani, ambao humjia kutoka mkono wa kulia. Kanuni hii inajulikana na kila mtu darasani. Tatizo huja barabarani, kwa sababu mwanafunzi anatazama kulia, anaona gari, anasimama, kisha anaendelea kutazama lile gari lililokwisha kupita badala ya kutafuta nafasi inayofuata. Mwalimu mwenye uzoefu humfundisha kupunguza mwendo mapema na kuingia gia ya pili akiwa bado yuko mbali kidogo, ili akifika ukingoni awe tayari kuamua, asiwe anashughulika na gia. Anayekwenda kushoto anashika njia ya kushoto na kuwasha indiketa ya kushoto tangu mwanzo. Anayekwenda kulia anashika njia ya ndani na indiketa ya kulia, kisha akishapita njia ya kutokea iliyo kabla ya yake, anabadilisha indiketa kuwa ya kushoto na kutazama kioo cha pembeni kabla ya kutoka. Kutotazama kioo hicho ndilo kosa linalogonganisha watu na bodaboda, kwa sababu bodaboda hupenya upande ule ule ambao dereva anadhani ni mtupu.

Mwanafunzi wa Dar es Salaam ana somo jingine ambalo wa Songea hana. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia zao katikati ya Barabara ya Morogoro, na mabasi hayo huja kwa kasi huku magari mengine yamesimama kwenye foleni. Anayekata kona kuvuka njia hizo anatakiwa afuate taa, halafu bado atazame pande zote mbili.

Mwendo nao una hesabu yake, na ni rahisi kuieleza. Ndani ya maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka dukani kufuata mpira, dereva aliye makini anahitaji kama sekunde moja kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki. Mita 14 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Kwa kilomita 80 kwa saa, mita hizo zinakuwa 22. Mwalimu anayejua kazi yake hasemi namba hizi tu darasani. Anasimamisha gari kando ya barabara tulivu, anamshusha mwanafunzi, na kumtaka atembee hatua 14 ndefu kutoka kwenye bampa, kisha ageuke atazame gari lilipo. Hilo halisahauliki.

Sasa gharama. Bei ya bangoni ni ada ya shule peke yake, hata pale ambapo maneno "hadi upate leseni" yanamfanya mtu aamini vinginevyo. Kuna fedha nyingine zinazokwenda serikalini, na hizo hazipunguzwi na shule yoyote. Leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena, inalipiwa shilingi 10,000 na inadumu miezi 3. Mtihani wa udereva una ada yake ya shilingi 3,000. Leseni yenyewe, tangu mabadiliko ya bajeti ya mwaka 2019, ni shilingi 70,000 kwa miaka 5. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 40,000 kwa miaka 3. Jumla ni shilingi 83,000 juu ya ada ya shule. Mama wa Tandika akiongeza hapo nauli za kila siku na picha, ana picha kamili ya kifurushi chake.

Kwa hiyo, neno "tunakusaidia" linahitaji ufafanuzi kabla ya fedha kutoka mkononi. Kusaidiwa kujaza fomu na kuoneshwa dirisha la kulipia ni huduma halali na nzuri. Kusaidiwa kupata leseni bila kupanda gari mbele ya askari anayetahini ni jambo jingine kabisa. Mtu anayeahidi hivyo anauza karatasi kwa mtu ambaye kesho atakuwa barabarani pamoja na watoto wa wenzake, na muuzaji huyo hapaswi kupewa hata shilingi.

Muda wa lena nao una mtego. Miezi 3 inaanza kuhesabiwa siku inapotolewa. Siyo siku ya somo la kwanza. Wapo wanaoilipia mapema kwa shauku, kisha shule inawaambia wasubiri zamu, gari linaingia gereji wiki mbili, kazi zinawabana, na inapofika siku ya mtihani lena imeisha muda. Wanalipa tena. Ni busara kuikata baada ya shule kutoa tarehe ya kuanza, wala siyo kabla. Lakini pia haifai kuikwepa: kujifunza barabarani bila lena ni kosa, na ajali ikitokea ndipo kampuni ya bima inapoanza kuuliza dereva alikuwa na kibali gani.

Kujiandikisha hakuchukui muda mrefu kama mtu amejiandaa. Anayetaka leseni ya gari dogo binafsi, yaani daraja D, anatakiwa awe ametimiza miaka 18. Anahitaji kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, na namba ya mlipa kodi, kwa sababu leseni hutolewa na TRA na bila TIN mfumo haumpokei. Asiye na TIN anaipata TRA yenyewe, na ni vyema aishughulikie mapema kwa sababu ndiyo inayowakwamisha wengi dakika za mwisho. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo ajue kwamba daraja D halimruhusu; hilo ni daraja C na vitengo vyake, lenye masharti na mafunzo ya ziada ya magari ya abiria, kama yale yanayotolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. VETA nayo hufundisha udereva katika vyuo vyake mikoani, na kwa aliye mbali na mji mkubwa hiyo huwa njia inayofikika.

Kabla ya kulipa, mama afike shuleni mwenyewe, asimalizane nao kwa simu. Aombe kuona kibali cha shule na cheti cha mwalimu atakayemfundisha, siyo cha mwenye shule. Kisha aombe kuona gari, na akiliona ainame upande wa abiria atazame chini. Gari la kufundishia lina pedeli za pili upande wa mwalimu, walau breki, na mara nyingi klachi pia. Hizo ndizo zinazomwezesha mwalimu kusimamisha gari mwanafunzi anaposhikwa na hofu. Shule inayofundisha kwa gari lisilo na breki ya pili, mwalimu akitegemea kuvuta hendibreki, imeweka maisha ya mwanafunzi kwenye mkono mmoja wa mtu aliyekaa pembeni. Ahakikishe pia kwamba bima ya gari haijaisha muda, na kwamba herufi L ipo mbele na nyuma.

Halafu kadi ya mahudhurio. Shule nyingi huweka alama ya vema kwa kila siku. Hiyo haitoshi. Mama aombe iandikwe dakika alizoendesha na kilichofanyika: klachi, kona, kilima, kurudi nyuma, kipilefti, usiku. Mwalimu mwaminifu hakatai, na wengi hufurahi, kwa sababu mwanafunzi anayefuatilia dakika zake ndiye anayefaulu haraka. Malipo kwa awamu ni mazuri, ila awamu ya pili ifungwe kwenye saa zilizofundishwa, isifungwe kwenye tarehe. Kila awamu iwe na risiti ya EFD.

Shule nyingine hutangaza kwamba humfuata mwanafunzi nyumbani. Mama aulize saa inaanza kuhesabiwa wapi. Kama mwalimu anaendesha mwenyewe kutoka shuleni hadi Tandika kisha kurudi, na muda huo umo ndani ya saa 1, basi amelipia teksi. Kama mwanafunzi ndiye anayeshika usukani kutoka mlangoni kwake, huduma ile ile inakuwa faida kubwa, maana anajifunza barabara atakazozitumia kila siku.

Utayari wa mwanafunzi hauonekani kwa kumaliza wiki. Unaonekana kwenye mguu wa mwalimu. Siku ambayo mwanafunzi ameendesha somo zima, amepita kipilefti, mataa na eneo la soko, na mwalimu hajagusa breki yake wala kuushika usukani hata mara moja, mwanafunzi huyo amefika. Ikitokea mara mbili mfululizo, anaweza kuandikishwa mtihani. Kabla ya hapo anahitaji saa zaidi, na shule nzuri itamwambia hivyo bila kuona aibu na kumuuzia saa moja moja badala ya kifurushi kipya kizima.

Kuna saa moja ya ziada ambayo karibu hakuna bango linaloiuza, nayo ni ya jioni baada ya giza kuingia. Masomo mengi hufanyika mchana, jua likiwaka na barabara kavu. Mwanafunzi anapata leseni bila kujua taa kamili za gari linalokuja zinavyopofusha, wala mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi anavyotokea ghafla, wala lami iliyolowa inavyolifanya gari lichelewe kusimama. Mama aiombe saa hiyo na ailipie kando kama ni lazima.

Mama wa Tandika alipomaliza hesabu zake alichagua shule ya pili, akachukua saa 10 za gia za kawaida, halafu akaongeza saa 2: moja ya kilimani, moja ya usiku. Kwa shilingi 30,000 kwa saa, ada ilifika 360,000, na pamoja na malipo ya serikali ikawa 443,000. Siku ya mtihani askari alimuuliza alama sita, akamtaka aeleze atafanya nini gari likiharibika katikati ya barabara usiku, naye akaeleza kuhusu taa za hatari na pembetatu ya kuakisi iliyowekwa mbali nyuma ya gari. Kisha wakapanda. Alivuta kiti, akaweka vioo sawa, akafunga mkanda, akamwomba askari naye afunge wake. Kisigino kikakaa chini, sauti ya injini ikawa nzito, boneti ikatetemeka kidogo, na gari likaondoka.